Utando mweupe mdomoni: dawa ya kupaka au ya kumeza?

*Daktari, mtoto wangu ana wiki saba na ananyonya tu, hapewi kitu kingine. Ana utando mweupe ndani ya mashavu. Nilimpa matone ya nistatini siku tano, ukapungua, sasa umerudi. Mama mkwe wangu ninayekaa naye ana miaka 66, anatumia inhela mbili za pumu na vidonge vya kisukari, naye ametokwa na utando kama huo. Kijana wa kemisti amenipa kapsuli mbili za flukonazoli ya miligramu 150: moja mama ameze, nyingine nimfungulie mtoto nimpe kidogo kidogo kwenye maziwa. Ni sawa? – Mama wa Kayole*

Dada, kapsuli ya mtoto usiifungue kabisa. Ya mama mkwe nayo isubiri mpaka ijulikane anameza vidonge gani vya sukari, na nitaeleza kwa nini.

Flukonazoli ni dawa nzuri, nami huwaandikia wagonjwa wangu. Tatizo ni kwamba kapsuli moja ya miligramu 150 ni dozi ya fangasi ya ukeni, ambako dozi moja kwa kawaida hutosha. Ndiyo maana inauzwa moja moja na kila kemisti anayo karibu na mkono. Fangasi ya mdomoni haitibiwi hivyo. Mtu mzima anayehitaji flukonazoli kwa ajili ya mdomo humeza miligramu 100 hadi 200 kila siku, kwa siku 7 hadi 14. Akimeza moja na kuacha, utando unaweza kupungua kwa siku chache kisha urudi, na atadhani dawa imemkataa.

Kwa mtoto hesabu inageuka. Tuseme ana kilo 5. Mtoto wa umri wake anayehitaji flukonazoli hupewa miligramu 6 kwa kila kilo siku ya kwanza, yaani 30, kisha miligramu 3 kwa kila kilo siku zinazofuata, yaani 15 kwa siku. Ndani ya kapsuli ile moja kuna dozi kumi za siku ya kawaida. Unga wake hauwezi kugawanywa kwa ncha ya kijiko ukapata 15 leo na 15 kesho. Siku moja atapata 5, siku nyingine 60. Kama mtoto atafikia kuhitaji dawa hii, ipo ya maji, na inapimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Lakini sidhani amefika huko. Kandida, yaani fangasi wanaoleta utando huu, hukaa juu ya ngozi laini ya mdomo. Nistatini ukiidondosha huwagusa na kuwaua papo hapo. Haipenyi utumbo kuingia kwenye damu kwa kiasi cha kuhesabika, na ndiyo sababu tunaiamini kwa mtoto mchanga kama wako: ini na figo zake haziguswi. Ila kwa sababu hiyohiyo, ikishamezwa kazi yake mdomoni imekwisha. Flukonazoli hufanya kinyume: huingia damuni na kurudi mdomoni kupitia mate na kupitia ngozi yenyewe, kwa hiyo haijali kama mtoto ameimeza haraka au polepole. Kwa hiyo kabla ya kusema nistatini imeshindwa, lazima tujue kama ilipata nafasi ya kugusa utando, na kwa muda gani.

Chukua chupa uliyotumia uiangalie kwenye mwanga. Nyingi zina mililita 30. Dozi ya mtoto wako ni mililita 1, mara nne kwa siku. Siku tano ni mililita 20, kwa hiyo chupa ingepaswa kuwa imebaki theluthi moja. Kama imebaki nusu au zaidi, mtoto hakupata dozi, na jambo la kushangaza si kwamba utando umerudi bali kwamba ulipungua. Mara nyingi hapa ndipo ninapopata jibu. Kemisti kasema "matone machache", mama akatoa matone matatu, na matone matatu hayafiki hata robo ya mililita.

Hata kama ulimpa dozi kamili, siku tano hazikutosha. Tunampa mtoto siku saba, na kama utando umechelewa kuisha, tunaendelea mpaka siku mbili baada ya kutouona tena. Utando unaoonekana ni sehemu tu ya fangasi. Ukiacha siku unayoona shavu limekuwa safi, waliobaki wanakuwa utando mpya ndani ya wiki.

Basi mwanzishie upya hivi. Tikisa chupa vizuri, kwa sababu dawa hutuama chini na mtu akinywa ya juu anakunywa maji matamu. Mpe baada ya kunyonya, si kabla, ili maziwa yasiisafishe. Mlaze kichwa kikiwa kimeinuka kidogo, udondoshe nusu mililita ndani ya shavu la kulia na nusu ndani ya la kushoto, polepole. Kisha funga kidole safi kwa kitambaa laini, ukilowanishe kwa dawa kidogo, upake ulimi na ufizi pale penye utando. Usiukwangue. Chini yake pana ngozi nyekundu iliyochubuka, ukikwangua itatoa damu na mtoto atakataa kunyonya. Asinyonye tena kwa nusu saa hivi, kama anavumilia. Usimpe dawa ndani ya maziwa yaliyokamuliwa: hapo inapita mdomoni kwa sekunde chache tu na kwenda zake tumboni. Mililita 4 kwa siku kwa siku 7 ni mililita 28, kwa hiyo chupa moja mpya inatosha wiki, na ukiona imebaki nyingi siku ya saba utajua umekosea kupima.

Kuna jambo moja la kuhakikisha kabla hujatumia chupa nzima. Maziwa yaliyoganda juu ya ulimi hufanana na utando. Lakini maziwa hukaa ulimini peke yake na hufutika kwa kitambaa chenye maji. Wewe umesema ni ndani ya mashavu, na hapo kwa kawaida ni kandida.

Sasa matiti yako. Mtoto na chuchu hurudishiana fangasi kila saa tatu, mchana na usiku. Kama chuchu zinakuwasha, zinachoma baada ya kunyonyesha, au ngozi yake imekuwa nyekundu inayong'aa au ina mipasuko, zipakwe krimu ya mikonazoli ya asilimia 2, kidogo sana, kila baada ya kunyonyesha, kwa muda uleule mtoto anaotumia dawa. Iliyobaki juu ya ngozi ifute kabla ya kumnyonyesha tena. Kama huna maumivu wala wekundu, wengi wetu bado hupendelea kuzitibu utando unaporudi mara ya pili, kama ilivyo kwenu. Ila usikimbilie kulaumu fangasi kwa kila maumivu ya chuchu: mara nyingi zaidi mtoto hajakamata titi vizuri, na hilo linarekebishwa na muuguzi wa kliniki ya watoto kwa kukutazama ukinyonyesha. Kama anatumia chuchu ya plastiki ya kunyamazishia, ichemshe kila siku.

Na kama ingetokea wewe ndiye unaandikiwa flukonazoli kwa ajili ya matiti, ungeweza kunyonyesha bila wasiwasi. Dawa huingia kwenye maziwa, lakini kiasi kinachomfikia mtoto ni kidogo kuliko dozi ya kumtibu. Kwa hiyo mama kumeza hakumtibu mtoto. Mdomo wake lazima upate dawa yake.

Utaambiwa pia kuhusu jeli ya mikonazoli. Inanata mdomoni kuliko nistatini, na kwa watoto wakubwa kidogo inafanya kazi vizuri zaidi. Lakini kwa mtoto wa chini ya miezi minne haitumiwi, kwa sababu jeli nzito inaweza kuziba koo la mtoto ambaye bado hajui kumeza sawasawa. Wako ana wiki saba, kwa hiyo hapana. Ile dawa ya zambarau ya majimaji iliyokuwa kwenye kila zahanati zamani huua kandida kweli, lakini inayouzwa kwa ajili ya vidonda mara nyingi ni kali mno kwa mdomo. Iliyotumika mdomoni ilipunguzwa mpaka asilimia 0.25, na ikikolezwa au ikitumiwa muda mrefu huleta vidonda. Nistatini ikiwepo, sioni sababu ya kumpaka mtoto zambarau. Na asali, hata kama bibi wa jirani amesisitiza, isiguse mdomo wa mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja, kwa sababu ya sumu ya botulizimu.

Nistatini ikitumiwa hivi kwa siku saba na utando bado upo vilevile, au ukiisha na kurudi tena, hapo ndipo flukonazoli ya maji inapata nafasi yake. Yenye miligramu 10 kwa kila mililita, mtoto wa kilo 5 angepata mililita 3 siku ya kwanza, kisha mililita 1 na nusu kila siku, kwa wiki moja au zaidi kadiri daktari atakavyoona. Apimwe uzito siku hiyohiyo. Usitumie uzito wa kuzaliwa. Na dozi hiyo ni kwa mtoto aliyepita wiki nne. Mchanga zaidi ya hapo figo zake hutoa dawa polepole, kwa hiyo huachiwa saa 48 au 72 kati ya dozi na dozi. Kuna majaribio madogo yaliyoonyesha flukonazoli inaponya watoto wengi kuliko nistatini, na siyapingi. Lakini mtoto mwenye afya, anayenyonya, ambaye nistatini haijawahi kumgusa sawasawa, sioni haja ya kumpa dawa inayopita kwenye damu yote.

Kinachobadilisha mawazo yangu ni mtoto asiyeongezeka uzito, anayekataa titi, mwenye homa, au mwenye utando unaojaza mdomo mpaka kooni. Huyo hasubiri wiki. Apelekwe leo, hospitali ya Mama Lucy au kituo chochote cha afya kilicho karibu. Katika wiki sita hadi nane za kwanza utando ni jambo la kawaida kwa mtoto mzima wa afya. Ukiendelea kurudi baada ya hapo, tunauliza kama kinga yake iko sawa, na hilo linajumuisha kipimo cha VVU. Kama wewe ulipimwa VVU wakati wa ujauzito ukakutwa salama, ulizia kurudia kipimo ukienda kwenye chanjo. Wanawake wanaonyonyesha huambukizwa pia, na kijitabu cha mama na mtoto huonyesha ulipimwa lini.

Tuje kwa mama mkwe. Utando wake unafanana na wa mtoto lakini hakuambukizwa na mtoto kama ulivyoweza kudhani. Kandida wanaishi kimya katika midomo ya watu wengi wazima. Huota utando wanapopewa nafasi. Mama ana milango miwili wazi: inhela na sukari.

Kwanza mtazame kwenye mwanga wa dirisha. Funga kijiko kwa kitambaa, ufute utando taratibu. Ukitoka na kuacha wekundu, ni kandida. Sehemu nyeupe isiyotoka hata ukifuta, hasa kwa mtu aliyezoea ugoro, sigara au miraa, si ya kuwekewa dawa ya fangasi. Hiyo ionwe na daktari wa meno, kwa sababu nyingine hugeuka saratani. Kama ana meno bandia, ayatoe usiku na kuyasugua na kuyaloweka, au dawa yoyote atakayotumia itakuwa ya kupoteza fedha.

Kati ya inhela mbili, ile ya bluu ya kufungua kifua haihusiki. Inayohusika ni ya steroidi, kwa kawaida ya kahawia, ya asubuhi na jioni. Sehemu kubwa ya kila mpulizo hubaki mdomoni na kooni, na steroidi hulegeza ulinzi pale inapotua. Asiiache, tafadhali, pumu ya kuachiwa huua. Asukutue mdomo kwa maji na kutema kila baada ya kuitumia, na apulizie kupitia spesa, chombo kinachowekwa kati ya inhela na mdomo. Kisipopatikana, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa chini kwa kipimo cha mdomo wa inhela hufanya kazi vizuri. Bila hili nitamtibu utando leo na mwezi ujao utarudi.

Dawa ipi? Kama ni mabaka machache na anakula bila maumivu, ya mdomoni inatosha: nistatini mililita 5 mara nne kwa siku, ayasukutue na kuyashikilia kwa dakika mbili hivi kisha ameze, siku 7 hadi 14. Piga hesabu kabla ya kununua. Mililita 20 kwa siku kwa wiki ni mililita 140, yaani chupa tano za ile ya mtoto. Wiki mbili ni kumi. Watu wengi hununua moja, inaisha siku ya pili, wanasema nistatini si kitu. Tembe za klotrimazoli za kufyonza, za miligramu 10, mara tano kwa siku, ni njia nyingine ukizipata.

Wengi wakifanya hesabu hiyo huchagua flukonazoli kwa sababu ni rahisi na hutumika mara moja kwa siku, na kwa mtu mzima sina ugomvi na sababu hiyo. Hata kapsuli uliyo nayo ya 150 ingeweza kuwa ya kwanza kati ya saba, kwa sababu 150 iko katikati ya 100 na 200. Kinachonizuia ni vidonge vyake vya sukari. Soma pakiti. Ikiwa ni metformini peke yake, flukonazoli haigombani nayo. Ikiwa kuna glibenklamidi, simama. Ini hutumia kimeng'enya fulani kuiondoa glibenklamidi mwilini, na flukonazoli hukizuia kimeng'enya hicho, kwa hiyo kidonge kilekile kinafanya kazi kwa nguvu zaidi na muda mrefu zaidi. Sukari inashuka, na mama wa miaka 66 anayekula kidogo kwa sababu mdomo unauma anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho baridi na kuongea visivyoeleweka usiku wakati nyinyi mmelala. Jeli ya mikonazoli nayo, ingawa ni ya kupaka, hufyonzwa kiasi cha kuleta balaa hilohilo, jambo ambalo watu wengi hawalitegemei. Nistatini haina shida hiyo hata kidogo.

Kwa hiyo kama yuko kwenye glibenklamidi na utando ni mdogo, nistatini, hata kwa chupa tano. Ikibidi flukonazoli, aanze baada ya kliniki yake ya kisukari kupunguza au kubadilisha glibenklamidi, na apimwe sukari kwa glukometa asubuhi na kabla ya kulala kwa wiki zote mbili. Tahadhari kama hiyo inamhusu mtu anayetumia wafarini ya kuyeyusha damu, simvastatini ya mafuta, au fenitoini ya kifafa. Apimwe pia sukari ya miezi mitatu, maana utando mara nyingi ni dalili kuwa sukari imekuwa juu kwa muda. Na kipimo cha VVU kifanywe kwake pia. Umri haumwondoi mtu kwenye orodha.

Kuna hali moja ambapo mjadala wa kupaka au kumeza unakwisha. Mwulize kama chakula kinamuuma au kinakwama nyuma ya kifua anapomeza. Akisema ndiyo, kandida huenda wameshashuka kwenye umio, na huko nistatini ya kusukutua haifanyi kazi. Hapo atahitaji flukonazoli miligramu 200 hadi 400 kila siku kwa siku 14 hadi 21, chini ya daktari, na glibenklamidi yake ikiwa imeshughulikiwa kabla ya kidonge cha kwanza. Aende na pakiti zote za dawa anazotumia, inhela zikiwemo.